"Zama za Giza" ni Giza la Nani? Historia ya Jina Moja na Funzo Lake kwa Ugawaji wa Vipindi

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia asili ya jina "Zama za Giza" katika historia ya Ulaya, tangu Petrarca katika karne ya 14 hadi uchimbaji wa kiakiolojia wa karne ya 20. Hoja yake ni kwamba jina hilo lilibeba maana mbili zilizopaswa kutenganishwa: uovu au unyonge wa watu wa wakati fulani, na uchache wa maandishi kuhusu wakati huo. Lugha ya Kiswahili, ilipolipokea jina hilo, ilichukua maana ya kwanza pekee. Mfano wa pwani ya Afrika Mashariki unaletwa kwa kuwa nayo ilipewa giza la namna hiyo hiyo.

Mahali pa kukata

Wakati haukatiki wenyewe. Mkulima wa Italia aliyelala usiku mmoja wa mwaka 476 aliamka asubuhi akalima shamba lile lile, ingawa katika mwaka huo Odoacer alimwondoa madarakani Romulus Augustulus, kijana anayehesabiwa kuwa kaisari wa mwisho wa Roma ya Magharibi. Vitabu vingi vya shule hukata hapo: upande huu Ukale, upande ule Zama za Kati. Hata hivyo, huko Konstantinopoli kulikuwa na kaisari mwingine aliyeendelea kutawala, na warithi wake waliendelea kujiita Warumi kwa takribani miaka elfu moja zaidi, hadi mji ulipotekwa na Waturuki wa Uthmaniya mwaka 1453. Anayekata mwaka 476 amechagua kutazama Magharibi, na amechagua kuutazama utawala badala ya kilimo, dini au lugha. Angeuliza swali la dini, huenda angekata wakati wa Konstantino, zaidi ya miaka 150 kabla. Angeuliza swali la biashara ya bahari ya Mediteranea, angesogea mbele hadi karne ya 7.

Kwa sababu hiyo wanahistoria hubishana kuhusu mipaka ya vipindi bila kuchoka, na ubishi huo si upuuzi. Kipindi ni jibu la swali lililoulizwa na mtu fulani, mahali fulani, kwa kutumia ushahidi aliokuwa nao. Shida huanza pale swali linaposahaulika na jibu likabaki peke yake, likifundishwa kana kwamba liliokotwa ardhini.

Mgawanyo wa sehemu tatu tunaoujua, yaani Ukale, Zama za Kati na Zama Mpya, una mwalimu wake. Christoph Cellarius, profesa wa Chuo Kikuu cha Halle nchini Ujerumani, aliandika vitabu vitatu vya kufundishia mwishoni mwa karne ya 17. Cha kwanza kilikomea kwa Konstantino, cha pili kilikomea kwenye kutekwa kwa Konstantinopoli, na cha tatu kilianzia hapo. Hakuvumbua wazo hilo. Wasomi wa Italia walikwisha kulizungumzia kwa zaidi ya karne mbili. Alichofanya ni kuligeuza kuwa muhtasari wa masomo, na muhtasari wa masomo una nguvu kuliko nadharia.

Mshairi aliyeligeuza giza

Giza lenyewe lilianza na Francesco Petrarca, mshairi na msomi aliyezaliwa Arezzo mwaka 1304. Mwaka 1341 alivishwa taji la ushairi mjini Roma, na katika barua aliyomwandikia rafiki yake Giovanni Colonna alikumbuka matembezi yao katika magofu ya mji huo. Humo aligawa historia mara mbili: mambo ya kale, yaliyotokea kabla jina la Kristo halijatukuzwa Roma na kuabudiwa na makaisari wake, na mambo mapya, tangu hapo hadi siku zake. Katika barua nyingine alieleza kuwa hakutaka kalamu yake ipite katika giza la karne za baadaye. Alikusudia kuandika habari za watu mashuhuri, na aliowaona mashuhuri walikuwa Warumi wa kale.

Ili kuona uzito wa jambo hili, ni lazima kukumbuka kile alichokipindua. Kwa zaidi ya miaka elfu moja, waandishi wa Kikristo walikuwa wakitumia sitiari hiyo hiyo ya nuru na giza, lakini kwa mpangilio wa kinyume. Kwao, giza lilikuwa wakati wa upagani kabla ya Kristo, na nuru ilikuja na Injili. Petrarca, ambaye mwenyewe alikuwa Mkristo, alichukua sitiari ile na kuielekeza upande mwingine: nuru ilikuwa Roma ya kale, pamoja na Kilatini chake safi, na giza lilikuwa wakati uliofuata, ukiwemo wake mwenyewe. Alitumaini kwamba vizazi vitakavyokuja vitaona tena mwanga. Kipimo chake kilikuwa cha lugha na fasihi. Hakupima mavuno, wala afya, wala haki mahakamani. Alipima ufasaha wa Kilatini na utukufu wa Roma, akaona umepungua.

Mtafiti wa lugha hawezi kupita hapa bila kutabasamu. Karne alizozikataa Petrarca ndizo zilizozaa lugha aliyoandikia mashairi yake maarufu zaidi, yaani Kiitalia. Kile alichokiona kuwa ni kuharibika kwa Kilatini, sisi tunakifundisha darasani kuwa ni kuzaliwa kwa lugha za Kirumi. Badiliko ni lile lile. Kilichobadilika ni swali.

Kadinali na uhaba wa waandishi

Giza la pili lilitoka kwa mtu wa aina nyingine kabisa. Kadinali Cesare Baronio alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuandika historia ya Kanisa mwaka kwa mwaka, katika majuzuu 12 yaliyochapishwa kati ya 1588 na 1607. Alipoifikia karne ya 10, katika juzuu la 10 la mwaka 1602, alieleza kwamba karne hiyo imezoeleka kuitwa kwa majina matatu. Inaitwa ya chuma kwa ukali wake na utasa wake wa mema, ya risasi kwa uovu uliojaa ndani yake, na ya kiza kwa uhaba wa waandishi.

Majina haya matatu yafaa yatenganishwe. Mawili ya kwanza ni hukumu juu ya watu wa wakati ule, na Baronio alikuwa na sababu zake, kwani alichukizwa na namna familia za makabaila wa Roma zilivyokuwa zikiwaweka na kuwaondoa mapapa. Lakini jina la tatu halimhukumu mtu yeyote. Linasema kwamba yeye, Baronio, mwandishi aliyezoea kupekua nyaraka, amefika mahali ambapo nyaraka zimekuwa chache na haoni vizuri. Giza hilo limo machoni mwa mtazamaji.

Kama maana hii ya tatu ingedumu peke yake, jina lisingeleta ugomvi mkubwa. Lakini majina hayadumu yalivyokusudiwa. Katika karne ya 18, waandishi wa zama zilizojiita za Mwangaza walilipanua giza likafunika miaka elfu moja, wakaliweka dini na ushirikina ndani yake. Maana ya uhaba wa maandishi ikamezwa na maana ya ujinga.

Uingereza: giza likichimbuliwa

Hakuna mahali panapofaa kulijaribu jina hili kuliko Uingereza ya karne ya 5 hadi ya 7, kwa sababu huko giza la Baronio ni la kweli. Utawala wa Roma ulikoma kisiwani humo karibu mwaka 410. Baada ya hapo maandishi ya wenyeji yanakuwa haba mno. Katika karne ya 6 tunaye Gildas, mtawa aliyeandika waraka wa kuwakemea wafalme na makasisi, ambao ndani yake karibu hakuna tarehe. Kisha tunamsubiri Beda, aliyekamilisha historia yake ya Kanisa la Waingereza mwaka 731. Mwanahistoria anayetegemea maandishi pekee ana miaka 300 na karibu mikono mitupu.

Mwaka 1939, huko Sutton Hoo mashariki mwa Uingereza, wachimbaji walifungua kilima cha kaburi na kukuta umbo la jahazi lenye urefu wa takribani mita 27. Mbao zilikuwa zimeoza zote. Kilichobaki ni alama yake mchangani na safu za misumari ya chuma. Katikati ya jahazi kulikuwa na mali za mtu mkubwa: kofia ya vita, mapambo ya dhahabu yaliyonakshiwa kwa vito vyekundu, na sahani kubwa ya fedha yenye mihuri ya Kaisari Anastasius wa Konstantinopoli, aliyefariki mwaka 518. Kulikuwa pia na sarafu 37 za dhahabu kutoka nchi ya Wafranki, ng'ambo ya bahari, na hizo ndizo zinazotuwezesha kuliweka kaburi katika miongo ya mwanzo ya karne ya 7.

Jambo la kutilia maanani si utajiri wenyewe. Maiti ya tajiri mmoja haithibitishi neema ya watu wote. La maana ni kwamba ushahidi wa aina nyingine umejibu swali ambalo maandishi hayakuweza kulijibu: watu hawa walikuwa na mafundi wa kiwango cha juu, na walikuwa ndani ya mtandao wa mabadilishano uliofika hadi Konstantinopoli. Huko Tintagel, kwenye majabali ya kusini-magharibi ya kisiwa, vipande vya vyungu vya mvinyo na mafuta kutoka Mediteranea vya karne ya 5 na ya 6 vinasema jambo linalofanana na hilo kwa upande wa bahari ya magharibi.

Ingekuwa rahisi kukomea hapo na kutangaza kwamba giza halikuwapo. Wapo waliokaribia kufanya hivyo. Tangu Peter Brown alipochapisha kitabu chake kuhusu ulimwengu wa Ukale wa Mwisho mwaka 1971, wataalamu wengi wameacha kusema "kuanguka" na kusema "mageuzi", na kipindi kipya kimeundwa kuanzia takribani karne ya 3 hadi ya 8, kinachowaweka pamoja Warumi, Waajemi na Waislamu wa mwanzo. Ni kipindi chenye manufaa makubwa, hasa kwa anayeuliza maswali ya dini na fikra. Lakini mwaka 2005 Bryan Ward-Perkins, mwanahistoria na mwanaakiolojia wa Oxford, alijibu kwa kitabu kinachowarudisha wasomaji kwenye vigae na vyungu. Alionyesha kwamba, chini ya Roma, hata watu wa kawaida walipata vyungu bora vilivyofinyangwa kwa gurudumu na kuchomwa kwa wingi, na kwamba hata mabanda ya mifugo yaliweza kuezekwa kwa vigae. Nchini Uingereza, mambo hayo yalitoweka katika karne ya 5. Ugavi wa sarafu ulikoma mara tu baada ya mwaka 400, viwanda vya vyungu vikafa, na watu wakarudi kufinyanga kwa mkono bila gurudumu. Kwa maoni yake, maisha ya kiuchumi ya kisiwa yalishuka chini kuliko yalivyokuwa kabla Warumi hawajafika.

Mwandishi wa makala haya anaona kwamba Ward-Perkins ana haki katika jambo hili, na kwamba hoja yake haimpi mtu ruhusa ya kulirejesha jina la giza. Kushuka kwa uchumi ni jambo linaloweza kuhesabiwa: vyungu vingapi, vya aina gani, vilisafiri umbali gani. Ukisema "kuporomoka kwa uchumi wa Uingereza katika karne ya 5", umetoa dai ambalo mwenzako anaweza kulipima na hata kulikanusha. Ukisema "Zama za Giza", hajui alipime wapi. Ni dai juu ya vyungu, au juu ya maadili, au juu ya maktaba yako?

Giza la macho, kwa kweli, lilitokea mara moja. Mwaka 536 waandishi wa Mediteranea, akiwemo Procopius, waliandika kwamba jua lilitoa mwanga hafifu kwa muda mrefu, na watafiti wa barafu ya kale wanalihusisha jambo hilo na mlipuko wa volkano. Lakini si hilo alilokuwa nalo Petrarca, ambaye hakujua lolote kuhusu volkano hiyo.

Giza linavuka bahari

Mwaka 1963 Hugh Trevor-Roper, profesa wa historia wa Oxford, alitoa mfululizo wa mihadhara ambamo alidai kwamba kwa wakati ule hakukuwa na historia ya Afrika ya kufundisha, ila historia ya Wazungu barani Afrika. Mengine, alisema, ni giza, na giza si somo la historia. Kauli hiyo imelaaniwa sana katika vyuo vyetu, na kwa haki. Lisilotajwa mara nyingi ni kwamba mihadhara hiyo, iliyokuja kuwa kitabu mwaka 1965, ilihusu kuinuka kwa Ulaya ya Kikristo, yaani karne zile zile ambazo Ulaya yenyewe ilikuwa imeziita za giza. Msomi aliyejitwika kazi ya kuziangazia Zama za Giza za kwao alilihamishia giza kwetu, na kwa kipimo kile kile: maandishi.

Pwani ya Afrika Mashariki inafaa kuwekwa kando ya Uingereza, kwa kuwa nayo ina pengo linalofanana. Katika karne ya 1 baharia au mfanyabiashara mmoja aliyeandika Kigiriki aliutaja mji wa Rhapta katika mwongozo wake wa safari za Bahari ya Hindi, na katika karne ya 2 mwanajiografia Ptolemayo akautaja tena. Baada yao maandishi yaliyotufikia ni dondoo chache tu, hadi al-Masudi, aliyeizuru pwani kwa mara ya mwisho mwaka 916 na kueleza habari za Wazanji na kisiwa cha Qanbalu. Kwa kutegemea maandishi, pengo ni la takribani miaka 750. Wanahistoria wa nyakati za ukoloni walilijaza kwa wageni. Reginald Coupland alikipa kitabu chake cha mwaka 1938 jina linalozungumzia Afrika Mashariki na wavamizi wake, na vipindi vikafuata mtindo huo: vya Waarabu, vya Wareno, vya Waingereza.

Kuanzia mwaka 1980 Mark Horton alichimba Shanga, katika kisiwa cha Pate. Chini ya msikiti wa mawe alikuta mfululizo wa majengo ya ibada, moja chini ya lingine, na chini kabisa alama za nguzo za miti za jengo dogo lililokadiriwa kuwa la mwishoni mwa karne ya 8. Vyungu vingi vilikuwa vya kienyeji, vya mtindo uliopatikana pia mahali pengi pengine pwani na bara, pamoja na vichache vilivyotoka Ghuba ya Uajemi. Mji ule haukuteremshwa kutoka merikebuni ukiwa mzima. Ulikua tabaka kwa tabaka, mbao zikifuatwa na mawe, na jamii ya Waislamu wachache ikapanuka katikati ya wenyeji waliokuwapo.

Ushahidi huo una mipaka yake. Makadirio ya kaboni huja kama masafa ya miaka, si mwaka mmoja, na chungu hakisemi aliyekifinyanga alizungumza lugha gani. Kwa watafiti wa Kiswahili hilo ni onyo: mtindo wa vyungu ukienea kutoka Lamu hadi kusini, hatuna ruhusa ya kuchora ramani ya lugha juu yake moja kwa moja. Lakini wanaakiolojia wanapoita kipindi kwa jina la mtindo wa vyungu, jina hilo, ingawa halina mvuto, linamwambia msomaji waziwazi ushahidi ni upi. Atakayepata chungu tofauti anajua pa kuanzia kubisha.

Tafsiri na wanaotunga mitaala

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kipindi, na hayalingani uzito. "Enzi" linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya nguvu na utukufu; ndilo lililomo ndani ya "Mwenyezi". Anayesema "enzi ya Wareno" ameshawakabidhi Wareno wakati wote, hata kwa miji ambayo hawakuitawala kwa siku moja. "Zama" ni pana zaidi na halina mtawala ndani yake. "Kipindi" ni kavu, na ukavu huo ni faida kwa anayetunga kitabu cha shule.

Neno "giza" ndilo gumu zaidi. Katika Kilatini cha Baronio, neno alilolitumia linaweza kumaanisha kisichojulikana au kisichoonekana vizuri. Katika matumizi ya Kiswahili, giza linapohusishwa na watu huvuta ujinga karibu moja kwa moja. Tunasema mtu "yuko gizani" na "giza la ujinga" kwa pumzi moja. Kwa hiyo mwanafunzi anayesoma "Zama za Giza" hawezi kukisia kwamba maana mojawapo ni uchache wa maandishi. Pale panapokusudiwa maana hiyo, iandikwe hivyo: "karne zenye maandishi machache", pamoja na mahali na tarehe. Pale panapokusudiwa kushuka kwa uchumi, kitajwe kilichoshuka. Na pale jina lenyewe linapokuwa mada, yaani fikra za Petrarca na waliomfuata, lihifadhiwe ndani ya alama za kunukuu, kwa kuwa ni sehemu ya historia ya fikra za Ulaya na halipaswi kufutwa.

Jina la "kabla ya ukoloni" linahitaji uangalizi wa aina hiyo hiyo, kwa sababu linazikusanya Rhapta, Shanga ya karne ya 8 na falme za Maziwa Makuu za karne ya 19 katika kapu moja, na linaeleza kwa kitu ambacho kilikuwa hakijatokea. Juzuu la tatu la Historia Kuu ya Afrika ya UNESCO lilikwepa mtego huo kwa njia rahisi: jalada lake linataja karne ya 7 hadi ya 11, basi. Wapo wanaolalamika kwamba karne ni mipaka ya kihesabu isiyo na maana kwa watu waliokuwa wakiishi wakati huo. Ni kweli, na ndiyo sababu mwandishi anayetumia karne hulazimika kueleza, sura kwa sura, ni kitu gani hasa kilichobadilika na wapi.

"Zama za Kati za Waswahili", jina linaloanza kujitokeza katika maandishi ya kitaaluma, bado halijajibu swali dogo ambalo kamati yoyote ya mitaala inapaswa kuliuliza kabla ya kulichapisha: ni kati ya nini na nini? Cellarius alikuwa na jibu lake, Konstantino upande mmoja na 1453 upande wa pili. Kwa Kilwa, iliyotekwa na Wareno mwaka 1505, hakuna hata moja kati ya mipaka hiyo miwili iliyobadilisha hata kipande cha chungu.